Kuuza Dhahabu ya Zamani Unguja na Pemba Bila ya Kupunjwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa na mtu aliyekaa miaka mingi nyuma ya meza ya sonara katika Mji Mkongwe, akanunua na akauza, na akaona kwa macho yake jinsi bangili moja inavyoweza kupewa bei tatu katika njia moja kabla ya adhana ya alasiri. Bei zote za shilingi zilizomo humu ni za mfano tu, zimechaguliwa ili hesabu iwe nyepesi kuifuata, na msomaji aweke bei ya siku yake mahali pake.

Sonara anapataje bei anayonitajia?

Anatumia mambo matatu: uzito wa dhahabu, karati yake, na bei ya gramu ya dhahabu safi kwa siku hiyo. Anazidisha hayo matatu, kisha anatoa sehemu yake ya faida na gharama, ambayo kwa kawaida huitwa makato. Hakuna jambo la nne. Urembo wa nakshi, umri wa chombo, na kwamba bibi yako alikivaa siku ya harusi yake havimo katika hesabu ya mtu anayenunua ili ayeyushe.

Jambo ambalo muuzaji anapaswa kulishika ni kwamba kila moja kati ya mambo hayo matatu linaweza kupunguzwa peke yake, na kila upungufu ukiutazama mbali na wenzake unaonekana mdogo. Uzito ukipunguzwa kidogo, karati ikashushwa daraja moja, bei ya gramu ikawa ya juzi, kisha yakaja makato, unakuta robo ya mali yako imekwenda na hakuna mahali pamoja unapoweza kuoneshea kidole. Kwa hiyo usikubali kutajiwa jumla kwanza. Ukiambiwa "hizi nitakupa milioni tano na laki saba," jibu la adabu ni kuuliza: "Umepata gramu ngapi, umezihesabu karati ngapi, na gramu umeiweka kwa shilingi ngapi?" Mnunuzi mwenye nia njema hujibu maswali haya papo hapo, kwa sababu hesabu hiyo ameshaifanya kichwani au kwenye kikokotoo. Asiyetaka kuyajibu amekwisha kukujibu.

Bei ya gramu nitaijua vipi kabla ya kutoka nyumbani?

Dhahabu huuzwa duniani kwa dola za Marekani kwa aunsi, na bei hiyo inapatikana kwenye simu kwa kuitafuta. Aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1. Watu wengi hukosea hapa kwa kugawanya kwa 28, ambayo ni aunsi ya vitu vya kawaida, wakapata bei kubwa mno, kisha wakamgombeza sonara ambaye hakuwakosea kitu. Gawanya bei ya aunsi kwa 31.1 upate dola za gramu moja, kisha zidisha kwa bei ya dola kwa shilingi, ambayo Benki Kuu ya Tanzania huitangaza kwenye tovuti yake.

Tuseme aunsi ni dola 3,110. Ukigawanya kwa 31.1 unapata dola 100 kwa gramu. Tuseme dola ni shilingi 2,500. Gramu ya dhahabu safi, yaani karati 24, itakuwa shilingi 250,000. Namba hii tutaitumia mpaka mwisho wa ukurasa.

Fanya hesabu hiyo asubuhi ya siku unayouza, si wiki iliyopita. Mwezi wa Machi 2025 aunsi ilivuka dola 3,000, na kufikia Oktoba mwaka huo huo ilikuwa imevuka dola 4,000. Mtu aliyeingia dukani mwezi huo na bei ya Machi kichwani alifurahia malipo ambayo yalikuwa pungufu kwa robo.

Wazee wetu, na baadhi ya masonara mpaka leo, huhesabu kwa tola. Tola moja ni gramu 11.66. Si kipimo kibaya, lakini ikiwa mizani inasoma gramu na mazungumzo yanakwenda kwa tola, omba kila kitu kirudishwe kwenye gramu kabla ya kuendelea.

Karati ni nini, na namba zilizogongwa ndani ya bangili zina maana gani?

Karati ni sehemu ya dhahabu katika sehemu 24. Dhahabu ya karati 22 ina sehemu 22 za dhahabu na 2 za madini mengine, mara nyingi shaba na fedha. Muhuri hueleza jambo hilo kwa elfu: 916 ni karati 22, 875 ni karati 21, 750 ni karati 18, na 375 ni karati 9. Kwa bei yetu ya mfano, gramu ya karati 22 ina thamani ya shilingi 229,000 kabla ya makato, ya karati 21 ni 218,750, na ya karati 18 ni 187,500. Kushushwa kutoka 22 hadi 21 kunakugharimu zaidi ya shilingi elfu kumi kwa kila gramu, na neno linalotumika kukushusha huwa jepesi tu: "hii ya zamani, tuiite ishirini na moja."

Vyombo vingi vilivyoletwa kutoka Bara Hindi vina herufi KDM. Watu huzichukulia kuwa ni alama ya ubora, lakini maana yake ni kuwa lehemu iliyotumika ilichanganywa na kadmiamu. Haikuhakikishii karati. Tafuta namba 916 pembeni yake, na hata hiyo ipimwe, kwa sababu muhuri ni chuma kilichochongwa na yeyote anaweza kukigonga. Tena muhuri wa kwenye kifungo cha mkufu unazungumzia kifungo, na si ajabu kukuta kifungo kimebadilishwa baada ya cha asili kukatika.

Mapambo ya bibi hayana muhuri wowote. Yatapimwaje?

Vyombo vilivyofuliwa na masonara wetu hapa visiwani aghalabu havina muhuri, na kukosa muhuri si aibu wala si ushahidi kuwa dhahabu ni hafifu. Kuna njia mbili za kupima ambazo utazikuta.

Ya kwanza ni jiwe jeusi na asidi. Sonara husugua chombo juu ya jiwe mpaka kiache mstari wa njano, kisha hudondoshea asidi na kutazama mstari unavyobaki au unavyofifia. Kipimo hiki ni kizuri mkononi mwa fundi mwaminifu, lakini kina mlango wazi wa udanganyifu: chupa za asidi huwa na nguvu tofauti kwa karati tofauti, na asidi kali kuliko inavyopasa itafifisha hata mstari wa dhahabu nzuri. Dawa yake ni kuomba sonara asugue pembeni ya mstari wako mstari wa pili, wa dhahabu anayoijua kuwa ni 22, na adondoshee tone moja juu ya yote miwili. Mistari ikifa pamoja, tatizo liko kwenye chupa. Wa kwako ukififia na wa kwake ukabaki, hapo ana hoja.

Ya pili ni mashine ya miale inayoonesha asilimia ya kila madini kwenye kioo. Mashine haina ubishi, ila inasoma ngozi ya juu tu na mahali palipolengwa tu. Ikilengwa kwenye kiungo chenye lehemu itasoma chini, kwa sababu lehemu hutengenezwa kwa dhahabu ya karati ndogo ili iyeyuke mapema kuliko chombo chenyewe. Ikilengwa kwenye uso uliochovywa itasoma juu. Omba isome mahali patatu, mbali na viungo, na utazame kioo mwenyewe badala ya kusomewa.

Kuhusu sumaku, ambayo watu huipenda kwa kuwa ni rahisi: dhahabu haivutwi na sumaku, lakini shaba na fedha pia hazivutwi. Sumaku itakukamatia chuma peke yake. Na kifungo cha mkufu kikivutwa kidogo usishituke, kwani ndani yake mara nyingi mna springi ya chuma.

Mizani inaweza kunidanganya kwa namna gani?

Kwa namna chache, na zote zinaonekana ukijua pa kutazama. Mizani ya dhahabu isome mpaka sehemu ya mia ya gramu, yaani 0.01. Kabla chombo hakijawekwa, kioo kiseme 0.00, na wewe ukione kikisema hivyo. Mizani ya namna hii ni nyepesi kiasi kwamba upepo wa pangaboi unaichezesha, hivyo ikiwa namba zinapanda na kushuka, omba pangaboi lizimwe au mizani ifunikwe kifuniko chake.

Kisha tazama herufi iliyo pembeni ya namba. Inatakiwa iwe `g`. Mizani nyingi zina kitufe kinachobadilisha kipimo, na kipimo kimoja huandikwa `dwt`. Kila `dwt` moja ni gramu 1.555. Bangili ya gramu 24 itasoma 15.43 katika kipimo hicho, na mnunuzi akikulipa gramu 15.43 umepoteza zaidi ya theluthi bila ya mtu kugusa chochote. Nimeliona jambo hili likitokea kwa bahati mbaya, kitufe kimebonyezwa na mtoto aliyekuwa akicheza dukani. Likitokea kwa makusudi sura yake ni ile ile.

Njia niipendayo kuliko zote haihitaji utaalamu. Pima kila chombo peke yake, andika, kisha viweke vyote pamoja. Jumla ya maandishi yako na namba ya kwenye kioo zilingane, pengine kwa tofauti ya 0.01 au 0.02. Kisha pima tena kwenye duka la pili. Mizani mbili za watu wasiojuana hazikubaliani kusema uongo mmoja.

Mizani ya jikoni isiyosoma chini ya gramu moja haifai kwa kazi hii. Mkufu wa gramu 10 ukikosewa nusu gramu ni zaidi ya laki moja kwa bei yetu ya mfano.

Ameniambia atakata asilimia kumi kwa sababu dhahabu "itapotea ikiyeyushwa." Ni kweli?

Kuna chembe ya kweli ndani yake. Chombo kikiyeyushwa, uchafu, mafuta ya mwili, sabuni na udi uliojikusanya ndani ya nakshi huungua, na kinachobaki hupungua uzito. Bangili nene, iliyooshwa na kukaushwa, hupoteza kidogo sana, chini ya asilimia moja. Kidani chenye nakshi za uzi na matundu, ambacho hakijaoshwa tangu Mapinduzi, kinaweza kupoteza zaidi, na bangili yenye mwili mtupu iliyojazwa lakiri ndani itapoteza nyingi kwa sababu lakiri siyo dhahabu.

Lakini angalia linalofanyika mara nyingi. Mnunuzi anakushusha karati kwa kuwa "ina lehemu nyingi," kisha anakata asilimia ya kuyeyusha kwa kuwa "ina lehemu nyingi." Sababu ni moja na amekutoza mara mbili. Ikiwa chombo kimehesabiwa kwa karati iliyopimwa, lehemu ama imo ndani ya karati hiyo, ama inakatwa peke yake, si vyote viwili. Hapa ndipo watu wanapopunjwa zaidi kuliko kwenye mizani, na wanatoka dukani wakiwa wametosheka kwa sababu kila kato lilikuwa na maelezo yake.

Ukitaka kukata mzizi wa ubishi, kubali kiyeyushwe mbele yako. Kipimwe kabla, kiyeyushwe, kitonge kilichopoa kipimwe tena, na karati ipimwe kwenye kitonge, kwa kuwa sasa kila kitu kimechanganyika na hakuna mahali pa lehemu wala mahali pa ngozi. Mkubaliane kabla ya moto kuwashwa kuwa usiporidhika na bei utaondoka na kitonge chako, na ujue kuwa hakuna kurudi: bangili imekwenda.

Na makato ya faida yenyewe, ni kiasi gani cha haki? Sonara anakodi duka, pesa yake inalala, na bei inaweza kushuka kabla hajauza. Mimi nikiwa muuzaji ningekubali asilimia tano hadi nane chini ya thamani ya dhahabu safi iliyomo. Ikivuka kumi ningekunja kitambaa changu nikaenda duka la jirani.

Naomba mfano wa hesabu kamili.

Mama mmoja alikuja kutoka Wete na vyombo vyake amevifunga kwenye pindo la kanga. Alikuwa na bangili mbili zenye muhuri wa 916 na mkufu mmoja wa 875. Nimezisawazisha namba kidogo ili zisomeke. Bangili zilikuwa gramu 24.00 kwa pamoja, na mkufu gramu 10.00.

Alikuwa ameshapita duka moja. Huko vyote vitatu viliwekwa pamoja juu ya mizani vikasoma 34.00, akaambiwa kwamba kwa kuwa ni dhahabu ya zamani na karati zimechanganyika, vyote vitahesabiwa karati 18, na kwamba itakatwa asilimia kumi ya kuyeyusha. Gramu 34 kwa 187,500 ni 6,375,000. Toa asilimia kumi, zinabaki 5,737,500. Mama aliziona ni nyingi, kwa sababu miaka ya nyuma alivinunua vyote kwa pesa isiyofika hata nusu ya hiyo.

Sasa tuihesabu dhahabu iliyokuwemo. Bangili, gramu 24 mara 0.916, ni gramu 21.98 za dhahabu safi. Mkufu, gramu 10 mara 0.875, ni gramu 8.75. Jumla ni gramu 30.73, ambazo kwa 250,000 zinakaribia shilingi 7,683,000. Aliyempa 5,737,500 alikuwa anamlipa chini kidogo ya robo tatu ya mali yake.

Tuligawanya vyombo kwa karati, tukapima kimoja kimoja na kusugua mbali na viungo. Karati zilikuwa sawa na mihuri. Bei ya ununuzi ilikuwa 215,000 kwa gramu ya 22 na 205,000 kwa gramu ya 21, na ndani ya bei hizo makato yote yalikuwa yamekwisha kuingia, hapakuwa na kato jingine. Bangili zilileta 5,160,000, mkufu 2,050,000, jumla 7,210,000. Tofauti na duka la kwanza ni 1,472,500. Mizani za maduka yote mawili zilisema gramu 34 sawasawa, pesa ilipotea kwenye maneno "karati zimechanganyika."

Kuchanganyika kwa karati si sababu ya kuvishusha vyote mpaka chini ya kilicho hafifu kuliko vyote. Ni sababu ya kuvitenganisha.

Chombo changu kina mawe. Yatahesabiwaje?

Mawe hutolewa kwenye uzito, na hilo ni haki, kwa kuwa mnunuzi wa dhahabu hanunui kioo chekundu. Haki nyingine, ambayo husahauliwa, ni kuwa mawe yakishatolewa ni yako na urudishiwe mkononi. Usikubali makadirio ya macho, "tutoe gramu mbili za mawe." Yatolewe, kisha kipimwe kilichobaki. Kama hutaki kichombo kiharibiwe kabla hamjapatana bei, mkubaliane bei ya gramu kwanza, kisha mawe yatolewe mbele yako.

Uzito wa mawe ya thamani nao huitwa karati, jambo linalowachanganya watu. Karati ya jiwe ni uzito wa gramu 0.2, kwa hiyo karati tano za mawe ni gramu moja tu. Haina uhusiano wowote na karati ya dhahabu.

Na wakati mawe yanapotolewa au pete inapokatwa, tazama chini ya kisu na tupa. Unga unaodondoka ni dhahabu yako. Masonara hufagia meza na sakafu, wakakusanya vumbi hilo na kulisafisha, na hawafanyi hivyo kwa kupenda usafi. Gramu 0.2 za unga wa karati 22 ni zaidi ya shilingi elfu arubaini na tano kwa bei yetu. Omba karatasi safi itandikwe chini na unga upimwe pamoja na chombo.

Kidani changu kina pauni ya dhahabu. Niiuze pamoja na mkufu?

Usiiuze pamoja kabla ya kuipima peke yake. Pauni halisi ya Kiingereza ina uzito wa gramu 7.99, karati 22, na ndani yake mna gramu 7.32 za dhahabu safi, ambayo kwa bei yetu ni 1,830,000. Uzito huu ni wa uhakika kiasi kwamba mwenye pauni nzuri, isiyolika wala kutobolewa, anaweza kuitumia kuikagua mizani ya sonara. Sarafu iliyo pungufu sana ya hapo ama imelika, ama imekatwa, ama ni ya kuiga. Za kuiga ni nyingi, zilifuliwa kwa ajili ya vidani, na baadhi yake zina dhahabu nzuri. Zihesabiwe tu kwa uzito na karati yake kama bangili nyingine.

Ikiwa katika sanduku la mirathi mna sarafu ya dhahabu ya Sayyid Barghash, ya mwaka 1299 Hijria, iweke mbali na moto kabisa. Hiyo ni adimu mno, thamani yake haipimwi kwa gramu, na anayekuahidi bei ya dhahabu juu yake ama haijui ama anaijua vizuri sana.

Naweza kupima mwenyewe nyumbani?

Unaweza kupata makisio mazuri kwa mizani ndogo ya 0.01 na kikombe kidogo cha maji, iwapo chombo hakina mawe wala uwazi ndani. Pima chombo kikavu kwanza. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, funga chombo kwa uzi mwembamba na ukizamishe chote bila ya kugusa chini wala ukingo, ukiwa umeushika uzi kwa mkono. Tingisha kidogo ili mapovu yatoke. Gawanya uzito mkavu kwa namba inayosomeka.

Bangili moja ilikuwa gramu 23.40 ikiwa kavu, na ndani ya maji mizani ikasoma 1.32. Ukigawanya unapata 17.7, na karati 22 hukaa baina ya 17.5 na 17.9. Karati 18 ya njano huwa karibu na 15 na nusu. Ukipata 10 au zaidi kidogo umeshika fedha iliyochovywa dhahabu, nayo imejaa visiwani, kwa kuwa wazee walikuwa wakifua vyombo kwa fedha ya reale na kuvipaka dhahabu juu. Sonara akikueleza kuwa kidani cha babu ni fedha, usimdhanie vibaya mpaka umekizamisha.

Kipimo hiki hakitofautishi vizuri 21 na 22. Kwa hilo rudi kwenye jiwe au mashine.

Sonara anataka nibadilishe dhahabu ya zamani na mpya, niongeze pesa kidogo. Nifanye hivyo?

Kihesabu, kubadilisha huficha bei mbili kwa pamoja: hujui ya kwako imenunuliwa kwa kiasi gani wala ya kwake umeuziwa kwa kiasi gani, unajua nyongeza tu. Kwa Waislamu kuna na jambo la pili, kwamba dhahabu kwa dhahabu hutakiwa iwe uzito sawa na mkono kwa mkono, na nyongeza huingiza riba. Njia iliyoelekezwa katika hadithi ya tende, kuuza zilizo hafifu kwa pesa kwanza kisha kununua nzuri kwa pesa hiyo, ndiyo hiyo hiyo inayokulinda mfukoni. Uza, pokea pesa, zihesabu, kisha uwe huru kununua hapo au kwingine. Masuala ya undani muulize shekhe wako.

Risiti yangu inaonesha nililipa zaidi ya thamani ya dhahabu. Mbona silipwi hiyo?

Kwa sababu ulilipa ufundi, na ufundi hauyeyuki ukarudi. Chombo chenye nakshi nyingi kilibeba ufundi mkubwa, na ndicho chenye hasara kubwa zaidi siku ya kukiuza kwa uzito. Kama ni kizima na kinavaliwa, jaribu kwanza kumuuzia mtu atakayekivaa.

Niuze Pemba au nivuke Unguja?

Kwa pete moja, nauli ya boti itakula tofauti yote. Pima maduka mawili au matatu Chake Chake au Wete na uuze palipo bora. Kwa gramu thelathini na zaidi, kuvuka kunalipa, kwa kuwa Mji Mkongwe maduka yako karibu karibu na unaweza kupita manne kwa asubuhi moja. Usimwambie wa pili alichokwambia wa kwanza. Mwache aseme bei yake mwenyewe, kwani ukitaja milioni tano na laki saba atakupa tano na laki nane na atajiona amekufaa.

Nini niandikiwe, na nilipwe vipi?

Karatasi iandikwe tarehe, uzito wa kila chombo, karati yake, bei ya gramu, na jumla, na sahihi zenu wote wawili. Pesa ikitumwa kwa simu, tazama salio lako mwenyewe, si ujumbe peke yake, na chombo kibaki mbele yako mpaka hapo. Ikiwa dhahabu ni ya mirathi isiyogawiwa, warithi wote waijue bei kabla ya kuuza, na karatasi hiyo ipigwe picha na kutumwa kwao siku hiyo hiyo.